Mama anameza za Maskati na za hospitali kwa pamoja

Asalaam aleikum Bi Mfamasia,

Naishi na mama yangu hapa Unguja. Ana miaka 68 na ana presha. Mwaka jana alikwenda Maskati kwa kaka yangu, akapelekwa kwa daktari wa binafsi, akaandikiwa Exforge 5 mg/160 mg, kidonge kimoja kila asubuhi. Tokea hapo kaka anamletea maboksi kila akipata mtu wa kumpa. Miezi miwili nyuma mama alikwenda hospitali hapa, presha ikaonekana iko juu, akapewa Amlodipine Tablets BP 10 mg na Losartan Potassium 50 mg, pamoja na Panadol za magoti, mbili mara tatu. Anameza zote. Anasema za Maskati ndizo za kutibu, za hospitali za kusaidia. Magoti yakimzidi huongeza Adol za kaka, mbili asubuhi na mbili usiku.

Sasa miguu inamvimba ikifika jioni, na akiinuka kwenye sijda anapata kizunguzungu. Juzi alishika ukuta. Nilikwenda duka la dawa na majina nimeyaandika, nikaambiwa hizo ni dawa tofauti. Jirani ananishauri nimtafutie Lasix atoe maji. Nikimwambia mama aache za Maskati, atasema nataka kumkosanisha na mwanawe, na kaka naye ni mwepesi wa kuona amedharauliwa. Hospitali naogopa tutagombezwa. Nimefikiria kuziondoa kabatini kimya kimya. Nishauri.

Binti wa mama, Unguja

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Ahsante kwa kuyanakili majina na namba kama zilivyo kwenye maboksi, maana bila hizo nisingekuwa na la kukwambia. Kabla ya mambo ya kaka na ya kabatini, lipo la kufanya sasa hivi. Kizunguzungu cha kushika ukuta kwa mtu wa miaka 68 hakisubiri tarehe ya kliniki. Kesho asubuhi, kabla mama hajameza kidonge chochote cha presha, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu akapimwe presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama, na maboksi yote yawe mkononi mwako. Usiogope kwamba dozi ya asubuhi itachelewa kidogo. Amlodipine hutoka mwilini polepole mno: nusu yake tu huchukua kati ya saa 30 na 50 kuondoka, kwa hiyo saa tatu au nne za kungoja kwenye benchi hazitampandisha presha ghafla. Lakini akizimia, akapata maumivu ya kifua, mdomo ukapinda au mkono ukalegea, usingoje asubuhi. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa chukua yale maboksi, uyaweke mbele yako, tuyasome pamoja.

Anza na la Exforge. Neno hilo kubwa ni jina la biashara. Kampuni iliyotengeneza dawa ndiyo iliyolichagua, na kampuni nyingine haiwezi kulitumia. Kumbe chini yake, kwa herufi ndogo, pana majina mengine mawili: amlodipine na valsartan. Hayo ndiyo majina ya dawa zenyewe, yaani viambato vinavyofanya kazi mwilini. Vilivyobaki ndani ya kidonge ni unga wa kukishikisha, rangi na ganda la juu, na hivyo havishushi presha. Kwa maneno mengine, kile kidonge kimoja cha Maskati kina dawa mbili ndani yake. Na zile namba, 5 mg/160 mg, zinafuata mpangilio wa majina: amlodipine miligramu 5, valsartan miligramu 160. Kila ukiona mkwaju kati ya namba mbili, au alama ya kujumlisha kati ya majina mawili, jua kidonge hicho kimebeba dawa zaidi ya moja, na kila moja ihesabiwe peke yake.

Geukia boksi la hospitali. Hapa hakuna jina la biashara. Dawa imeandikwa kwa jina lake yenyewe, amlodipine, miligramu 10. Zile herufi BP baada yake huwachanganya watu wengi, wakadhani zinamaanisha presha. Sivyo. Zinaonesha kwamba dawa imetengenezwa kwa kufuata kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha Uingereza. Utazikuta hata kwenye paketi ya paracetamol, na paracetamol haihusiani na presha. Ukiona USP mahali pake, hicho ni kitabu cha Marekani. Herufi hizo hazikwambii dawa inatibu nini.

Sasa jumlisha. Mama anapata amlodipine 5 ndani ya Exforge, na amlodipine 10 kwenye kidonge cha hospitali. Jumla ni miligramu 15 kwa siku. Kiwango cha juu cha kawaida kwa mtu mzima ni 10. Kwa hiyo yule aliyekwambia dukani kwamba majina si sawa alisema kweli kuhusu majina ya juu ya boksi, ila hakushuka mpaka kwenye mstari wa chini. Simlaumu sana, kwa sababu watu wengi huishia kwenye herufi kubwa.

Na ile miguu? Kuvimba vifundo vya miguu ni athari inayojulikana sana ya amlodipine. Dawa hii inalegeza mishipa midogo ya damu, na maji yakavuja kidogo kuingia kwenye nyama, yakashuka chini kwa sababu ya kusimama na kukaa, ndiyo maana asubuhi miguu huwa afadhali na jioni imejaa. Kadiri dozi inavyopanda ndivyo hali hii inavyozidi, na wanawake huwapata zaidi kuliko wanaume. Siwezi kusema kutoka huku niliko kwamba ndiyo sababu pekee. Moyo, figo na ini navyo huvimbisha miguu, na daktari lazima avitazame. Lakini mtu aliye kwenye miligramu 15 ana sababu iliyo wazi ya kuanzia.

Hapo ndipo ninapokuomba uliweke kando shauri la jirani, ingawa najua amelitoa kwa nia njema. Lasix, ambayo dawa yake ni furosemide, hukojosha maji ya mwilini. Uvimbe uliosababishwa na amlodipine hauondoki vizuri kwa kukojoshwa, kwa kuwa tatizo lake ni mishipa iliyolegea, mwili haujazidiwa na maji. Mama angebaki na miguu ile ile, huku maji na chumvi za damu zikipungua, na presha ikianguka zaidi kila akiinuka kwenye sijda. Ingekuwa ni kumpa dawa ya tatu ili kutibu kosa la mbili za kwanza.

Boksi la tatu, Losartan Potassium 50 mg, linahitaji jicho la namna nyingine. Neno la mbele, losartan, ndilo la kushika. Potassium ni chumvi ambayo dawa imefungwa nayo ili iweze kutengenezwa kidonge. Ndivyo ilivyo pia unapoona amlodipine besilate, au diclofenac sodium kwenye boksi moja na diclofenac potassium kwenye jingine. Mkia unabadilika, dawa ni ile ile, na mtu asimeze zote mbili kwa kudhani ni tofauti.

Losartan na valsartan si dawa moja. Hapa yule wa dukani alikuwa sahihi kabisa. Lakini tazama mwisho wa majina yao: zote zinaishia na sartan. Majina haya ya dawa hayatungwi ovyo. Shirika la Afya Duniani lilianza utaratibu wake mwaka 1950, ili kila dawa iwe na jina moja litakalotambulika nchi zote, na dawa zilizo ndugu hupewa mwisho unaofanana. Zinazoishia sartan zinazuia mlango mmoja unaokaza mishipa ya damu. Zinazoishia pril, kama enalapril na lisinopril, zinagusa mfumo huo huo kutokea sehemu nyingine. Zinazoishia dipine, kama amlodipine na nifedipine, ni ukoo mwingine. Mama akipewa mbili zenye mwisho unaofanana, hilo pekee linatosha kukufanya uulize.

Kuchanganya losartan na valsartan hakumpi mgonjwa nafuu iliyo mara mbili. Kunaweza kushusha presha kupita kiasi, kulemea figo, na kupandisha potasiamu kwenye damu, jambo ambalo likizidi huvuruga mapigo ya moyo bila kutoa dalili mapema. Basi utaona kwamba mama hakurudia dawa mara moja. Amerudia amlodipine kwa jina lake lenyewe, akarudia na kazi ya sartan kwa majina mawili. Kizunguzungu cha kuinuka kinaingia humo humo.

Nimekuona katika barua yako unahofia kwamba kuna mtu amekosea: kaka kwa kuleta, au hospitali kwa kuandika. Hebu mwulize mama kwa upole jambo moja: siku ile alipopimwa hospitali presha ikawa juu, alikuwa amemeza Exforge, au zilikuwa zimemwishia? Dawa zinazokuja na wasafiri hukatika. Inawezekana kabisa alikuwa amekaa wiki nzima bila kidonge, presha ikapanda, daktari akaandika amlodipine na losartan kumwanzishia matibabu, halafu wiki iliyofuata mgeni wa Maskati akafika na maboksi mapya. Kama ni hivyo, daktari wa Maskati aliandika vizuri, na wa hapa naye aliandika vizuri. Angalia tu: Exforge ni amlodipine na sartan, na hospitali ikampa amlodipine na sartan. Madaktari wawili wasiojuana wamefikia matibabu ya aina moja. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba za hospitali zinachukua nafasi ya za Maskati, au kinyume chake.

Lakini kama siku ile alikuwa amemeza Exforge kama kawaida na presha bado ilikuwa juu, hiyo ni habari nyingine, na daktari anapaswa kuijua, kwa sababu itabadilisha dozi atakayomwachia. Ndiyo maana swali hili ulifanyie kazi kabla hamjaondoka nyumbani.

Kuhusu zile imani za mama, kwamba za Maskati ndizo za kutibu na za hospitali ni za kusaidia, sitaki umbishie kwa kumwonesha kuwa hajui. Ana sababu zake. Boksi la Maskati ni zuri, limetoka kwa mwanawe, na daktari wa kule alimkalisha akamsikiliza. La hapa amelipata dirishani baada ya foleni. Ila amlodipine ya boksi lisilo na jina kubwa ni amlodipine ile ile. Dawa ya namna hiyo, ambayo wengine huiita jeneriki, inatakiwa kuthibitisha kwamba inaingia kwenye damu kwa kiasi kinacholingana na ile ya kwanza kabla haijasajiliwa. Bei inapungua kwa sababu mtengenezaji hakugharamia utafiti wa mwanzo. Pengine ukimkalisha, ukamwekea kidole kwenye neno amlodipine la boksi moja, kisha kwenye neno hilo hilo la boksi la pili, ataliona mwenyewe. Nimewaona wazee wasiosoma Kiingereza wakilitambua neno kwa umbo lake. Hawahitaji kujua maana yake, inatosha waone kwamba mistari miwili inafanana.

Sasa tuje kwenye kabati. Kuziondoa kimya kimya naelewa kunavyovutia: hakuna ugomvi, na hatari inapungua. Lakini fikiria yatakayofuata. Hujui kwa hakika zipi daktari angependa zibaki. Ukiondoa za Maskati, anabaki na amlodipine 10 na losartan 50. Ukiondoa za hospitali, anabaki na amlodipine 5 na valsartan 160. Vyote viwili ni matibabu yanayokubalika, lakini havilingani, na kinachomfaa mama kinategemea presha yake ya kesho. Halafu mama atazitafuta. Asipoziona atampigia kaka, na kaka ataleta nyingine, na safari hii mama atazificha kwako. Utakuwa umepoteza jambo ulilo nalo sasa, kwamba anakuonesha kila anachomeza.

Kumwambia aache zote mpaka kieleweke nako kuna hatari yake. Hana shida siku ya kwanza, kwa sababu nilizokueleza, lakini wiki moja bila dawa kwa mtu wa presha ni kumweka karibu na kiharusi. Na kuendelea hivi hivi mpaka tarehe ya kliniki ni kumwacha aanguke usiku akienda chooni. Nyonga ikivunjika kwa umri huo, mambo huwa mazito.

Iliyobaki ni njia ya kwenda na kila kitu mezani. Unaogopa kugombezwa, na sitakudanganya kwamba haitokei. Lakini kinachomkera mhudumu mara nyingi ni mgonjwa anayesema tu natumia dawa ya presha, nyeupe, ndogo. Ukifika na maboksi na sentensi moja tayari, kazi yake inakuwa nyepesi. Unaweza kusema hivi: mama anameza Exforge yenye amlodipine 5 na valsartan 160, na za hapa amlodipine 10 na losartan 50, zote kwa siku moja, kwa muda wa miezi miwili, na sasa anavimba miguu na kuona kizunguzungu. Mwulize pia kama kuna haja ya kupima figo na potasiamu, kwa kuwa sartan mbili zimekutana. Kisha usiondoke mpaka umejua ni boksi lipi linabaki na lipi linasimama, na liandikwe kwenye karatasi yake ya kliniki.

Daktari akiuliza mnapendelea zipi, hapo mama aseme mwenyewe, na wewe umsaidie kupima. Exforge ni kidonge kimoja, rahisi kwa mtu anayechoka na vidonge vingi, na moyo wake umeridhika nayo. Upungufu wake ni kwamba inategemea msafiri, na siku ikikatika hakuna anayejua alipofikia. Za hapa ni mbili, lakini zinapatikana mitaani, na daktari anaweza kupandisha au kushusha moja bila kugusa nyingine. Sitawachagulia. Nisichotaka ni zikae zote mbili kwenye kikombe cha asubuhi.

Na kaka. Umesema ni mwepesi wa kuona amedharauliwa. Nadhani, na unaweza kunisahihisha, kwamba kwa mtu aliye mbali boksi lile ndiyo njia yake ya kumhudumia mama. Ukimwambia dawa zako zimemdhuru, atasikia kwamba huduma yake imekataliwa. Lakini ipo kazi ambayo yeye peke yake anaiweza: kwenda kwa yule daktari wa Maskati na kuomba karatasi ya matibabu ya mama, ionyeshe presha yake ilikuwa ngapi mwanzo, ilifika ngapi baada ya dawa, na vipimo vya figo kama vilifanywa. Daktari wa hapa ataifurahia karatasi hiyo. Ukimwanzia kaka kwa ombi hilo, mazungumzo yanaingia kwenye njia nyingine. Mkikubaliana za Maskati zisimame, bado anaweza kuleta mashine ya kupimia presha ya kuvaa mkononi, ambayo nyumba yenu inaihitaji zaidi kwa sasa. Wewe unamjua kaka yako, mimi simjui. Pengine ni bora mama ndiye ampigie simu.

Nimeacha magoti mwisho, lakini si kwa sababu ni jambo dogo. Lichukue boksi la Panadol usome mstari wa chini: paracetamol, miligramu 500. Lichukue la Adol, ambalo hupatikana sana nchi za Ghuba: paracetamol, miligramu 500. Panadol mbili mara tatu ni vidonge sita, miligramu 3,000. Adol mbili asubuhi na mbili usiku ni vidonge vinne, miligramu 2,000. Siku magoti yanapomzidi, mama anafika 5,000. Mpaka kwa mtu mzima ni 4,000 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya 500 kutoka maboksi yote kwa jumla, na vipite angalau saa nne kati ya dozi na dozi. Kwa mzee mwembamba, aliye chini ya kilo 50, au mwenye ini dhaifu, daktari humwekea mpaka wa chini zaidi ya huo.

Ubaya wa paracetamol ikizidi ni kwamba haipigi kelele. Mtu anaweza kukaa siku nzima na zaidi akijiona mzima, huku ini linaumia. Kichefuchefu, kutapika, maumivu chini ya mbavu za kulia, macho kuwa ya njano, hizo huja nyuma. Kwa hiyo kesho hiyo hiyo lieleze na hili: anakunywa paracetamol ngapi, na kwa siku ngapi mfululizo amevuka nane. Usingoje aone dalili.

Na uwe macho na mahali pengine inapojificha. Dawa nyingi za mafua, za vidonge na za unga wa kukoroga kwenye maji ya moto, zina paracetamol ndani pamoja na vitu vya kukausha pua. Vidonge vingine vya maumivu huichanganya na kafeini, kama Panadol Extra, na vingine huiunganisha na diclofenac. Ndugu wa Marekani akileta Tylenol, kwenye boksi utasoma acetaminophen. Ni paracetamol hiyo hiyo, Wamarekani wamebaki na jina lao. Hili nalitaja kwa sababu mtu anaweza kusoma mstari wa chini kwa uangalifu wote na bado likampita.

Kuna jambo moja nakusihi usifanye ukishampunguzia Adol: usimbadilishie kwa Brufen au Voltaren. Brufen ni ibuprofen, Voltaren ni diclofenac. Ni kweli si paracetamol, kwa hiyo hutakuwa umerudia, lakini dawa za ukoo huo hupandisha presha na kubana figo, na kwa mtu anayetumia sartan mzigo wa figo unaongezeka. Mwulize daktari kuhusu jeli ya kupaka kwenye goti. Inaingia mwilini kidogo kuliko kidonge, naye ataamua kama inamfaa.

Mkirudi nyumbani na uamuzi, mambo mawili yatakusaidia isijirudie. Vidonge visitolewe kwenye boksi au karatasi yake na kutiwa kwenye kopo, kwa sababu jina huwa limebaki kule, na ukikata karatasi ya vidonge, kata upande usio na jina. Na mara nyingi dirishani mnapewa vidonge kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa 1×1 au 2×3 tu, yaani kimoja mara moja, viwili mara tatu. Hiyo inakwambia vingapi, haikwambii nini. Mwombe mtoaji aandike jina la dawa na miligramu zake kabla hujaipokea. Ni haki yako, na haimchukui muda.

Kisha siku akipewa boksi lenye rangi ngeni, uliza swali moja pale pale dirishani: hii inaongezwa, au inachukua nafasi ya ile? Mwezi huu amlodipine inaweza kutoka kiwanda kimoja, mwezi ujao kingine, kwa jina na umbo tofauti, na hapo hakuna ubaya wowote maadamu la zamani limesimama.

Usishangae miguu ikichukua siku kadhaa kupungua baada ya dozi kurekebishwa. Amlodipine, kama nilivyosema, haitoki upesi. Wakati huo ainuke kwa hatua, akae kidogo kitandani kabla ya kusimama, na kwa swala akipenda asali ameketi kwenye kiti mpaka kizunguzungu kiishe. Mpime presha asubuhi kabla ya dawa na jioni, uandike tarehe na namba zote mbili, ya juu na ya chini. Ikiwa ya juu iko chini ya 100, au imepanda na kubaki juu ya 180, mrudisheni kituoni siku hiyo. Na kama baada ya wiki mbili kwenye dozi mpya miguu bado imejaa, au uvimbe uko mguu mmoja tu, au anahema akilala chali, mwambie daktari kwamba amlodipine sasa ni ya dozi moja na bado anavimba, ili atafute sababu nyingine.